Rolapu na Sentimita Zinazomezwa na Kasha

Rolapu ni bango refu na jembamba linalokaa limezungushwa kwenye rola ndani ya kasha la alumini, na linapohitajika huvutwa kwenda juu na kushikiliwa na fimbo inayosimama nyuma yake. Ndilo bango linaloonekana kila mahali penye maonyesho: kwenye mabanda ya Sabasaba pale barabara ya Kilwa, Dar es Salaam, kwenye viwanja vya Nanenane vya Nzuguni jijini Dodoma, kwenye kumbi za mikutano na kwenye milango ya benki. Kipimo kinachotumika zaidi ni upana wa sentimita 85 na kimo cha sentimita 200. Kuna nyembamba za sentimita 60 na pana za 100, 120 hata 150, ila fundi akiambiwa "rolapu" bila maelezo mengine, mkono wake utakwenda kwenye ile ya 85 kwa 200.

Vipimo hivyo viwili ndivyo vinavyowaponza wabunifu. Vinaeleza kile anachokiona mtu aliyesimama mbele ya bango, lakini havielezi urefu wa kitu kinachochapwa. Karatasi ya tangazo la ukutani huishia pale mkasi ulipopita. Rolapu haiishii pale macho yanapoishia, kwa sababu sehemu yake ya chini huendelea kushuka, hupita kwenye mwanya wa kasha na kwenda kushikana na rola gizani. Sehemu hiyo huchapwa, hulipiwa, na haionekani kamwe. Mbunifu asiyejua ilipo huweka hapo namba ya simu.

Ili kuelewa kwa nini sehemu hiyo haiwezi kuondolewa, inafaa kulifungua kasha kwa mawazo. Ndani kuna rola, na ndani ya rola kuna springi iliyokazwa tangu kiwandani. Springi hiyo muda wote inataka kulirudisha bango ndani, na mvutano wake ndio unaolifanya bango lililosimama linyooke badala ya kulegea kama pazia. Kwenye rola kumebandikwa kipande cha plastiki ambacho mafundi wengine hukiita ulimi. Ncha ya ulimi hutokeza kwenye mwanya, na bango hubandikwa kwenye ncha hiyo kwa gundi ya pande mbili, gundi kali inayokuja pamoja na kasha. Juu, bango hubanwa na reli ya alumini ambayo hufunguka kama koleo na kuuma ukingo wa bango. Fimbo, ambayo mara nyingi ni vipande vitatu vilivyounganishwa na kamba ya mpira ndani, huchomekwa kwenye tundu la kasha na kuinua reli hiyo. Chini ya kasha kuna miguu miwili inayozungushwa ili kasha lisilale kifudifudi.

Kiungo kile cha gundi ndicho sehemu dhaifu ya chombo kizima. Watengenezaji hupanga urefu wa bango ili, hata likiwa limevutwa hadi mwisho, kiungo kibaki ndani ya kasha, mbali na macho na mbali na ukingo wa mwanya ambao ungekikwaruza kila bango linapopandishwa. Ndiyo maana huagizwa urefu wa ziada chini. Kiasi chenyewe hutofautiana: kasha moja hutaka sentimita 10, jingine 15, na yapo yanayotaka 20. Juu nako kuna sehemu inayopotea ndani ya reli, ila hiyo ni ndogo, kwa kawaida sentimita 1 hadi 3.

Kutokana na mpango huo huzaliwa makosa mawili yanayokwenda kinyume, na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni kutengeneza faili la sentimita 85 kwa 200 kamili. Fundi akilichapa hivyo hivyo, fimbo bado itainua reli hadi kimo kile kile, kwa kuwa urefu wa fimbo haujabadilika. Kinachopungua ni chini: bango linaisha kabla ya kufika kwenye mwanya, na ulimi unatokeza nje, ukanda mweupe au wa kijivu wenye mshono wa gundi unaoonekana na kila apitaye. Maandishi yote yapo, lakini banda linaonekana kama lina nguo iliyopungua kitambaa. Kosa la pili ni kutengeneza faili lenye urefu sahihi, tuseme sentimita 215, kisha kulitumia lote kama karatasi moja, maandishi yakianzia juu kabisa na kuishia chini kabisa. Hapo ukanda mweupe hautokezi, ila mstari wa mwisho, ambao mara nyingi ni anwani, unazama ndani ya kasha. Wakati mwingine unazama nusu, na juu ya kasha hubaki vichwa vya tarakimu ambavyo havisomeki.

Lipo na la tatu, linalofanywa na karakana yenyewe kwa nia njema. Faili la 200 linafika, fundi anajua anahitaji 215, basi analivuta kwa urefu bila kugusa upana. Nyongeza hiyo ni asilimia 7.5. Nembo ya duara yenye kipenyo cha sentimita 20 hutoka na kimo cha 21.5, yaani yai, na nyuso za watu kwenye picha hurefuka kidogo. Mteja huhisi kuna kitu hakiko sawa bila kuweza kukitaja. Na kwa kuwa maandishi ya chini nayo yamevutwa, bado baadhi yake huingia kwenye kasha.

Dawa ya yote matatu ni moja: kujua idadi ya sentimita zinazofichwa kabla ya kuchora chochote. Njia fupi ni kuiomba karakana kiolezo cha kasha lile lile itakalotumia. Kiolezo kizuri ni faili la PDF lenye mistari inayoonyesha ukingo wa kukata, eneo linaloonekana na eneo linaloingia ndani. Kiolezo kilichopakuliwa kwingine, hata kiwe kizuri namna gani, ni cha kasha la mtu mwingine.

Pasipo kiolezo, hupimwa. Hii hufanyika hasa pale ofisi ina kasha la zamani na inataka kubadilisha bango tu. Bango la zamani husimamishwa kikamilifu, kisha mstari mwembamba wa penseli huchorwa juu yake pale linapoingia kwenye mwanya. Baada ya hapo mtu mmoja huliondoa bango kwenye fimbo bila kuliachia, na kuendelea kulivuta nje polepole hadi kiungo cha ulimi kitokeze. Mtu wa pili huchomeka pini ya usalama kwenye tundu lake ubavuni mwa kasha ili rola isirudi nyuma. Umbali kutoka mstari wa penseli hadi ukingo wa bango ndio sehemu inayofichwa. Kazi hii si ya mtu mmoja. Reli ikiponyoka mkononi, springi hulirudisha bango kwa kasi ya kuumiza vidole, na bango likiingia upande, kasha hukwama.

Vipimo vikishapatikana, faili huandaliwa kwa hesabu ya kujumlisha. Chukua kasha ambalo reli yake inauma sentimita 2 na mwanya wake unameza 13. Eneo linaloonekana ni 200. Urefu wa faili basi ni 2 na 200 na 13, jumla 215, kwa upana wa 85. Kwenye CorelDRAW, ambayo ndiyo programu ya karakana nyingi za Afrika Mashariki, ukurasa huwekwa kwa vipimo hivyo hivyo vya ukubwa halisi. Kisha huvutwa mistari mwongozo ya kulala: mmoja sentimita 2 kutoka juu, mwingine sentimita 13 kutoka chini. Mistari mwongozo ya kusimama huwekwa sentimita 5 ndani ya kila ubavu, kwa kuwa kingo za rolapu huelekea kujikunja kidogo baada ya muda, na herufi iliyobanana na ukingo hujikunja nazo.

Mstari wa sentimita 13 si ukuta wa kusogelea, na hapa ndipo wabunifu waangalifu nao huteleza. Wanajua sehemu ya chini inafichwa, basi wanaipandisha namba ya simu hadi ikae sentimita 1 juu ya mstari, wakidhani wameiokoa. Lakini bango hubandikwa kwa mkono. Fundi akilibandika sentimita 1 chini zaidi kwenye ulimi, hakuna kinachobadilika juu, kwa sababu fimbo inaamua kimo. Akiliingiza kwenye reli kwa kina zaidi ya ilivyopangwa, bango zima hupanda. Akiliingiza kwa kina kidogo, au fimbo ikiwa ya aina inayorefushwa na mtu akaiacha fupi kuliko ilivyokusudiwa, bango hushuka na mstari wa mwisho huingia kasha. Pia likibandikwa upande hata kidogo, kona moja huzama kuliko nyingine. Kwa sababu hiyo sentimita 10 nyingine juu ya mstari huachwa bila maandishi yoyote. Hiyo ni akiba ya makosa ya mikono.

Hata akiba hiyo haitoshi kwa kazi yenyewe ya bango, kwani kuonekana na kusomwa ni mambo mawili. Ukingo wa chini wa sehemu inayoonekana hukaa karibu sentimita 8 kutoka sakafuni, yaani juu ya kasha tu. Hapo ni usawa wa vifundo vya miguu. Kwenye banda la maonyesho, usawa huo ni mali ya viatu, maboksi ya bidhaa, mikoba ya wahudumu na viti vya plastiki. Meza ya kawaida ina kimo cha sentimita 75 hivi, na ikisimama mbele ya rolapu ikiwa na kitambaa kinachofika sakafuni, inaweza kufunika zaidi ya nusu mita ya bango. Juu ya meza hupangwa bidhaa, nazo hula sehemu nyingine. Mtu aliye nyuma ya watu wawili waliosimama mbele ya banda huona theluthi ya juu peke yake.

Kwa hiyo rolapu hugawanywa kwa kuhesabu kutoka juu, na hesabu nzuri inaonekana kwenye mfano. Tuseme kikundi cha wakamuaji wa alizeti kutoka Singida kinajiandaa kwenda Nanenane ya Nzuguni. Kina kasha lile la mfano uliotangulia. Kimemletea mbunifu orodha ya mambo kinayotaka yawepo: nembo, jina la bidhaa, picha ya chupa, ujazo unaouzwa, maelezo ya namna mafuta yanavyochujwa, historia ya kikundi, majina ya viongozi, anwani ya posta, barua pepe, na simu. Simu, wanasisitiza, iwe chini.

Sababu ya kutaka simu iwe chini ni mazoea ya barua na vipeperushi. Karatasi iliyoshikwa mkononi husomwa hadi mwisho, na mwisho wake ndipo mtu hutafuta anwani. Rolapu haishikwi mkononi. Mbunifu wa kikundi hiki anafanya jambo ambalo wateja hulipinga mwanzoni na kulikubali wakiona: anaiondoa simu chini na kuipeleka usawa wa kifua.

Mpangilio wake, ukihesabiwa kutoka juu ya sehemu inayoonekana, unakwenda hivi. Sentimita 8 za mwanzo ni rangi tupu, ili nembo isibanane na reli. Nembo inakaa kati ya sentimita 8 na 28. Kutoka sakafuni huo ni usawa wa mita 1.8 hadi 2, juu ya vichwa vya watu wengi, hivyo inaonekana kutoka njiani hata banda likijaa. Jina la bidhaa, "Mafuta ya alizeti", limevunjwa mistari miwili na kukaa kati ya sentimita 35 na 65, ambako ni usawa wa macho. Kati ya sentimita 70 na 80 ipo namba ya simu, peke yake, kwa tarakimu nene. Kutoka 84 hadi 150 ni picha kubwa ya chupa, na ubavuni mwake msimbo wa QR wenye upana wa sentimita 12 pamoja na mstari mmoja wa ujazo: lita 1, lita 5, lita 20. Kutoka 150 hadi 200 ni shamba la alizeti linalofifia kuelekea kijani kizito. Hakuna neno hata moja. Sentimita 13 zinazofuata, zile za ndani ya kasha, ni kijani kile kile.

Historia ya kikundi na majina ya viongozi havikuingia. Vimepelekwa kwenye kipeperushi kinachotolewa mezani, mahali ambapo mtu ana muda wa kusoma. Anwani ya posta nayo imekwenda huko. Bango lililobeba kila kitu husomwa na aliyeliandika, basi.

Msimbo wa QR haukuwekwa usawa wa kiuno kwa bahati. Ukikaa kati ya mita 1 na 1.3 kutoka sakafuni, mtu huelekeza simu bila kuinama wala kuinua mikono. Upana wake hutokana na umbali wa mtu: kanuni ya mafundi ni sehemu moja kwa kumi, kwamba anayesimama umbali wa mita 1 anahitaji msimbo wa sentimita 10. Sentimita 12 zinaacha nafasi kidogo. Mraba wake mweupe wa pembeni usiliwe na picha, vinginevyo simu hushindwa kuutambua. Msimbo uliowekwa chini kabisa ya rolapu, na huo huonekana mara nyingi, unamtaka mgeni apige magoti mbele ya watu.

Ukubwa wa herufi nao hukadiriwa kwa umbali. Herufi kubwa yenye kimo cha sentimita 2.5 husomeka kwa raha kutoka mita 3 hivi, na kila umbali ukiongezeka mara mbili, kimo nacho huongezeka mara mbili. Kwenye programu, herufi ya pointi 100 hutoa kimo cha karibu sentimita 2.5 kwa fonti nyingi, ilimradi faili liko kwenye ukubwa halisi. Jina la bidhaa la kikundi cha Singida lina herufi za sentimita 10, hivyo linasomeka kutoka mita 12, yaani upande wa pili wa njia ya maonyesho. Simu ina tarakimu za sentimita 6, kwa mita 7. Ujazo una sentimita 3, kwa aliyekwisha kusogea. Kitu chochote chini ya sentimita 1.5 ni mapambo.

Sasa kuhusu ile sehemu ya kasha yenyewe. Kutoweka maandishi hapo hakumaanishi kuiacha nyeupe. Rangi au picha ya chini hurefushwa hadi ukingo wa mwisho wa faili, kwa sababu hakuna ajuaye kwa milimita bango litakatika wapi kwenye mwanya. Ikiachwa nyeupe na bango likapanda sentimita 1, mstari mweupe hutokea juu ya kasha na jicho hulikimbilia hilo kwanza. Kwa sababu hiyo hiyo, michirizi ya kulala karibu na kasha haifai. Ukanda mwembamba wa rangi ya kampuni uliochorwa sentimita 3 juu ya mwanya ni kipimo kamili cha upotofu: bango likiwa limeinama hata kidogo, upande mmoja ukanda ni mnene na mwingine ni mwembamba, na kila mtu anaona. Fremu inayozunguka bango zima ni mbaya zaidi, kwani ubavu wake wa chini huzama wote na kuacha umbo la mlango usio na kizingiti. Rangi inayofifia, au picha isiyo na kitu muhimu chini, husamehe makosa yote hayo. Picha za watu zinahitaji tahadhari nyingine: mtu aliyepigwa picha akiwa amesimama, miguu yake ikaangukia kwenye mwanya, huonekana kama anatoka ndani ya kasha. Afadhali akatwe kwa picha kuanzia mapajani na afifie kwenye rangi, au awekwe juu zaidi.

Kabla ya faili kwenda karakana kuna jaribio la bei ya karatasi moja, na linashangaza kwamba halifanywi na wengi. Rolapu ya 85 kwa 215 ikipunguzwa mara kumi inakuwa sentimita 8.5 kwa 21.5, kipande kinachoenea kwenye karatasi ya A4. Huchapwa kwa printa ya ofisini, hukatwa kwenye kingo, kisha sentimita 1.3 za chini na milimita 2 za juu hukunjwa nyuma. Kinachobaki mbele ndicho atakachokiona mgeni. Karatasi ikishikwa umbali wa sentimita 30 kutoka machoni, ni sawa na kulitazama bango kutoka mita 3. Ikibandikwa ukutani na kutazamwa kutoka mita 1.2, ni sawa na mita 12. Kisha hufunikwa kwa kiganja theluthi ya chini, ambayo ndiyo meza. Kama jina na simu bado vinasomeka, mpangilio umefaulu. Mteja akioneshwa jaribio hili, ubishi wa simu chini huisha pale pale.

Faili la mwisho huhifadhiwa kwa PDF. Fonti hugeuzwa kuwa michoro, ambayo kwenye CorelDRAW hufanywa kwa amri ya Convert to Curves, Ctrl+Q, ili kompyuta ya karakana isiyo na fonti hiyo isiweke nyingine pana zaidi na kusukuma maneno. Rangi huwekwa kwenye CMYK. Picha zinahitaji takriban nukta 100 kwa inchi kwenye ukubwa halisi. Picha itakayojaza bango zima inapaswa kuwa na karibu nukta 3,350 kwa upana na 8,470 kwa kimo. Mistari mwongozo ikiwa ni ya programu yenyewe haichapwi, lakini kiolezo cha karakana chenye mistari iliyochorwa lazima kiondolewe. Mabango yaliyochapwa na maandishi ya "usiweke kitu hapa" yapo. Pamoja na faili hutumwa ujumbe mfupi: urefu ni 215, sentimita 2 za juu ni za reli, 13 za chini ni za kasha, faili lisivutwe wala kupunguzwa. Ujumbe huo una thamani kuliko simu tano za kulalamika baadaye.

Siku ya kulichukua, bango lisimamishwe pale pale karakana. Penye mwanya hutazamwa mambo mawili: kama kuna ukanda wa ulimi uliotokeza, na kama umbali kati ya maandishi ya chini kabisa na kasha ni ule ule kulia na kushoto. Umbali ukitofautiana, bango limebandikwa upande. Likirudishwa ndani litajikusanya ubavu mmoja na kuchanika kingo. Kurekebisha ni kulivuta hadi kiungo, kufunga pini, kubandua na kubandika tena kwa gundi mpya. Nembo ya duara hupimwa kwa rula, kimo na upana. Visipolingana, faili lilivutwa. Wino nao uwe umekauka vizuri kabla bango halijazungushwa, hasa penye rangi nzito.

Kasha jipya huja na pini ikiwa imechomekwa, nayo haitolewi hadi bango liwe limeshikana na ulimi chini na reli juu. Pini ikitolewa mapema, springi hufunguka yote kwa mara moja, ulimi hupotea ndani, na kasha la bei nafuu mara nyingi huwa limekufa.

Maandishi yakishaangukia ndani ya kasha na bango limekwisha kuchapwa, nafasi za kuokoa ni chache. Fimbo inayorefushwa inaweza kuliinua bango kwa sentimita kadhaa, kwa kadiri ulimi unavyoruhusu, ila rangi ya chini iwe imefika. Fimbo ya kimo kimoja haisaidii. Kibandiko chembamba cha vinaili chenye namba ya simu kinaweza kuwekwa kwenye eneo tupu la juu, na kitazunguka na rola bila taabu kikiwa laini na kimesuguliwa vizuri. Isipowezekana, bango jipya peke yake huchapwa na kubandikwa kwenye kasha lile lile, na gharama yake ni ndogo kuliko ya kununua rolapu nzima.